Namba Moja na Namba Kumi Hazilingani: Hesabu Iliyojificha Ndani ya Mchezo

Jioni, biashara ikianza kupoa sokoni, kijumbe hupita meza hadi meza akiwa na kaunta buku kwapani. Ukurasa wa mchezo ni rahisi kuusoma. Majina kumi yameshuka upande wa kushoto, miezi kumi imepangwa juu, na kila anayetoa huwekewa tiki kwenye kisanduku chake. Pembeni ya kila jina kuna namba iliyozungushiwa duara. Hiyo ndiyo namba ya kupokea, na ilipatikana siku ya kwanza kwa kuokota vikaratasi vilivyokunjwa ndani ya kikombe. Aliyeokota namba moja alipiga kigelegele. Aliyeokota kumi alisema ni mipango ya Mungu, kisha akaanza kutafuta wa kubadilishana naye.

Kigelegele kile kina thamani yake kwa shilingi, na inaweza kukokotolewa. Nitajaribu kuikokotoa hapa, kwa sababu wachezaji wengi wanaijua kwa hisia tu, na hisia hizo huwaponyoka pale zinapohitajika zaidi, yaani siku mtu mmoja anapoacha kutoa.

Naongelea mchezo wa kupokezana, ule ambao Wakenya huufanya kwenye vyama na Wanyarwanda huuita ikimina. Siongelei upatu wa aina ya DECI, uliotikisa Tanzania mwaka 2009, ambao watu waliweka fedha wakiahidiwa kuvuna zaidi ya walichopanda. Katika mchezo wa kupokezana hakuna faida inayoahidiwa. Kinachoingia jioni ndicho kinachotoka jioni hiyo hiyo, na kila mtu mwisho wa yote huwa amepokea kiasi kile kile alichotoa. Mwanaanthropolojia Clifford Geertz aliandika mwaka 1962 kwamba vyama hivi ni ngazi ya katikati, ambayo watu wangeipanda kuelekea benki kisha waiache nyuma. Miaka zaidi ya 60 baadaye benki imeingia hadi kwenye simu, na mchezo unachezwa hata maofisini, na watu ambao mishahara yao hupitia benki.

Tuchukue mchezo mmoja. Watu kumi, kila mmoja anatoa shilingi 100,000 kila mwisho wa mwezi, na kila mwezi mtu mmoja anaondoka na milioni moja. Yumo muuza mitumba, yumo mama ntilie, fundi cherehani, muuza samaki, na wengine wa namna hiyo. Mwezi wa kumi ukiisha, kila mmoja ametoa milioni na kila mmoja amepokea milioni. Ukiangalia daftari siku hiyo, hakuna aliyezidi wala aliyepunjwa.

Ila daftari halionyeshi muda. Milioni inayopatikana leo inaweza kununua marobota ya mitumba yakauzwa, mtaji ukarudi ukazungushwa tena, mara kadhaa kabla mwenzako wa namba kumi hajaishika milioni yake. Kwa hiyo swali la kumuuliza kila mchezaji ni hili: shilingi 100,000 utakayoipata mwezi ujao ungekubali kuibadilisha na kiasi gani leo? Anayejua kuzungusha mtaji wake kwa faida ya asilimia 3 kwa mwezi atajibu kama shilingi 97,100, kwa sababu akiwa nazo leo zitakuwa 100,000 mwezi ujao. Ya miezi miwili ataipokea kwa 94,300. Kila mwezi wa kusubiri unagawanya kiasi kwa 1.03 mara moja zaidi. Kiasi hicho kilichorudishwa hadi leo ndicho wahasibu wanachokiita thamani ya sasa.

Turudi kwenye kikombe cha vikaratasi na tuhesabu kwa asilimia hiyo 3, tukichukulia kuwa mchango wa kwanza unatolewa leo. Michango yote kumi ya mtu mmoja, ikirudishwa hadi leo, ina thamani ya shilingi 878,600. Namba moja anapokea milioni yake leo, kwa hiyo yake ni milioni kamili. Amefaidi 121,400. Namba kumi anaipokea miezi tisa baadaye, na kwa thamani ya leo ni 766,400 tu. Amepoteza 112,200. Walio katikati, namba tano na sita, wako karibu na sufuri: mmoja amefaidi kama 9,900, mwingine amekosa 16,000. Ukijumlisha faida na hasara za watu wote kumi unapata sufuri. Mwenye namba moja amekopeshwa na wenzake bila riba, na mwenye namba kumi amewakopesha wenzake bila riba.

Mtu akiona hesabu hiyo huuliza mara moja: kwa nini basi namba kumi anacheza? Jibu zuri lilitolewa mwaka 1993 na wachumi watatu, Timothy Besley, Stephen Coate na Glenn Loury. Wao waliangalia vitu visivyonunuliwa kwa vipande. Nusu ya cherehani haishoni na robo ya friji haigandishi barafu. Fundi wetu anataka cherehani ya milioni moja. Akiweka mwenyewe 100,000 kila mwezi, ataipata siku anayoweka mchango wa kumi. Akiingia kwenye mchezo akaokota namba kumi, ataipata siku ile ile. Akiokota namba nyingine yoyote, ataipata mapema zaidi. Kwa wastani watu kumi wanaoweka kivyao wanasubiri hadi mwezi wa kumi, na watu kumi wanaocheza wanasubiri hadi mwezi wa tano na nusu. Namba kumi hajapoteza kitu akilinganishwa na kibubu chake mwenyewe. Anapoteza tu akilinganishwa na jirani yake aliyeokota namba moja, na huo ni wivu zaidi kuliko hasara.

Mimi nakubaliana na hoja hiyo kwa sharti moja, ambalo nitalifikia: kwamba kila aliyepokea anaendelea kutoa.

Kabla ya hapo kuna jambo ambalo kikombe cha vikaratasi hakilijui. Asilimia 3 niliyoitumia si ya wote. Muuza samaki ambaye friza lake limeharibika, na ambaye njia yake nyingine ni mkopo wa kausha damu wa asilimia 10 kwa mwezi, anaiona milioni ya leo kwa jicho tofauti kabisa. Kwa asilimia hiyo, michango yake kumi ina thamani ya sasa ya 675,900, na kupokea mwanzo kunamfaidi 324,100. Kuna mwingine, mama ambaye pesa yake ingekaa chini ya godoro hadi mtoto aingie kidato cha kwanza mwezi Januari. Kwake shilingi ya leo na ya Januari ni moja, na namba kumi haimgharimu kitu. Pengine anaipenda, maana pesa inamfikia karibu na siku ya ada. Watu hawa wawili wakiwekwa kila mmoja kwenye namba inayomfaa, mchezo hauwi tena wa kunyang'anyana sufuri. Umezalisha shilingi laki tatu na zaidi kwa muuza samaki, na hakuna aliyezitoa mfukoni.

Ndiyo maana siku chache baada ya kuokota, namba huanza kuhama. “Dada, nipe namba yako mbili, mimi nina tisa, mwanangu anaumwa.” Wengine hubadilishana bure kwa sababu ya ugonjwa au msiba, na wengine hutoa kitu cha shukrani. Kwa asilimia 3, tofauti ya namba mbili na namba tisa ni kama shilingi 181,000 za leo. Sijaona mtu aliyelipa kiasi hicho. Anayekubali kupewa khanga moja kwa kubadilishana ama amemsaidia mwenzake kwa moyo, ama hajui alichouza.

India walilitatua hilo kwa mnada. Katika vikundi vyao vya chiti, wanachama hushindana kila mwezi nani atakubali kupokea pungufu ili apokee mapema, na kile alichokiacha hugawanywa kwa wenzake. Namba inapata bei hadharani, na anayesubiri analipwa kwa kusubiri. Kwetu mnada wa namna hiyo ungeonekana ni kuwaonea wenye shida, na kwa Waislamu wengi sokoni ungekaribia riba. Hapo mchezo wetu umechagua usawa wa bahati na kuacha bei ijifiche kwenye mazungumzo ya pembeni.

Sasa sharti lile. Namba moja amepokea milioni, na mchango wake wa kwanza keshautoa. Bado anadaiwa michango tisa, shilingi 900,000. Hakuna dhamana aliyoweka na mara nyingi hakuna karatasi aliyotia saini. Ni nini kinachomrudisha kwa kijumbe mwezi ujao?

Jibu linalokuja haraka ni kwamba akikimbia hatachezeshwa tena. Tulipime jibu hilo. Tuseme anaingia mitini na milioni yake. Lakini ni mtu mwenye nidhamu: kila mwisho wa mwezi, ile 100,000 ambayo angempa kijumbe anaitia kwenye kibubu. Mwezi wa kumi kibubu kina 900,000. Mwezi wa kumi na moja, ambao wenzake wanaanza mzunguko mpya, anatia nyingine na kufikisha milioni. Sasa jiulize, kama angebaki mwaminifu, bahati kubwa kuliko zote ingempa nini kwenye mzunguko huo mpya? Namba moja tena, milioni mwezi wa kumi na moja. Anayo tayari, na hadaiwi na mtu. Aliyebaki mwaminifu angepokea milioni hiyo kisha aanze kulipa deni la michango mingine tisa.

Kwa hiyo kutishia mtu kwa kumnyima mchezo ujao hakutoshi kumzuia namba moja. Siwan Anderson, Jean-Marie Baland na Karl Ove Moene walilionyesha hilo mwaka 2009 kwa kutumia taarifa za vyama vya Kibera, Nairobi: chama cha kupokezana hakiwezi kujisimamisha chenyewe bila adhabu inayotoka nje ya hesabu za chama. Adhabu hiyo tunaijua. Ni kijumbe kwenda na wanachama watatu nyumbani kwako saa ya chakula, mume au mama mkwe akiwepo. Ni jina lako kutajwa kila meza unayopita. Ni kukosa mkopo wa bidhaa kwa muuzaji wa jumla ambaye dada yake ni namba saba. Mtu mwenye meza sokoni na chumba cha kupanga mtaa wa pili ana mengi ya kupoteza. Mtu aliyehamia mwezi jana na anayeweza kuhama mwezi kesho hana, hata akiwa muungwana kiasi gani.

Kuna kizuizi cha pili, kilichojificha ndani ya mfano wenyewe. Nilisema mkimbizi wetu ni mtu wa nidhamu, anayejaza kibubu kila mwezi bila kukigusa. Wangapi wanaweza? Kwenye utafiti wa awali wa Kibera, uliochapishwa mwaka 2002, Anderson na Baland walikuta kwamba wachezaji wengi walikuwa wanawake, na wakaeleza kuwa mchezo uliwasaidia kutoa pesa nyumbani kabla mume hajaipangia matumizi. Kwa mwanamke huyo kibubu si mbadala wa mchezo. Shilingi iliyoko ndani ya nyumba ina wenyewe wengi, na ile iliyoko kwa kijumbe haiombwi na mtu. Anayecheza kwa sababu hiyo ana sababu ya kweli ya kutotaka kufukuzwa. Ajabu yake ni kwamba mtu asiyeweza kuweka pesa peke yake ni salama zaidi kwenye mchezo kuliko mwenye nidhamu ya chuma.

Hatari hii haigawanywi sawasawa. Deni la namba mbili baada ya kupokea ni 800,000. La namba tano ni 500,000. Namba tisa anabaki na deni la 100,000 tu, na namba kumi hadaiwi chochote, kwa kuwa amekuwa mdai tangu mwanzo hadi mwisho. Mchezaji mgeni akipewa namba kumi, hawezi kumdhulumu mtu hata akitaka. Ndiyo maana vikundi vyenye uzoefu huacha kuokota vikaratasi kwa watu wote na kuwapeleka wageni mwisho. Mgeni hulalamika kuwa anaonewa, na kwa hesabu zetu za juu analipa kweli: shilingi 112,000 kama ada ya kutojulikana. Mzunguko unaofuata huwa amejulikana.

Tumwangalie namba kumi vizuri. Jioni ya zamu yake anategemea michango ya watu tisa ambao wote wameshapokea na hawana tena kitu cha kusubiri kwenye mchezo huo. Tuseme kila mmoja ni mwaminifu kwa asilimia 95, kiwango ambacho wengi wetu tungekiita uaminifu wa hali ya juu. Kwa wastani atapungukiwa shilingi 45,000, si nyingi. Lakini uwezekano wa angalau mmoja kati ya tisa kukosekana ni asilimia 37. Zaidi ya mara moja katika kila michezo mitatu, namba kumi ataenda nyumbani na pungufu ya milioni. Hoja ya wale wachumi watatu kwamba namba kumi ni sawa na kibubu inaishia hapo. Kibubu hakina wachezaji tisa walioshiba.

Hapa ndipo kazi ya kijumbe inapoonekana. Katika michezo mingi kijumbe hulipwa kwa kupewa namba moja bila kuokota, na kwa upande wake anatakiwa kufidia pengo mtu asipotoa. Watu hunung'unika kwamba kijumbe hujipendelea. Tupime. Namba moja ina thamani ya 121,400. Michango ya wenzake ambayo iko hatarini, yaani ile inayotolewa na watu waliokwisha kupokea ukimtoa yeye mwenyewe, ni 36 kwa mzunguko mzima. Mmoja ukikosekana unamgharimu, kwa thamani ya leo, kama 82,000 kwa wastani. Kwa hiyo malipo yake yanatosha kufidia mchango mmoja na nusu kati ya 36. Ukikosekana wa pili, kijumbe amefanya kazi ya miezi kumi kwa hasara. Wanaomwonea wivu wafikirie hilo.

Tatizo ni kwamba michango haikosekani mmoja mmoja. Namba mbili akihama mji baada ya kupokea, haachi pengo la mchango mmoja, anaacha mapengo manane, kila mwezi moja hadi mwisho. Ujira wa kijumbe unatosha kubeba ucheleweshaji na mtu mmoja aliyefiwa akashindwa mwezi. Hautoshi kubeba aliyekimbia. Kijumbe anayekuambia “mkitoroka wote mimi nitalipa” amekuahidi kitu ambacho hana, isipokuwa ana duka, nyumba, au mfuko mwingine unaoonekana. India sheria ya chiti ya mwaka 1982 inamtaka msimamizi aweke dhamana kabla kikundi hakijaanza, na inampa kamisheni yenye kikomo. Kijumbe wetu dhamana yake ni sura yake.

Akishindwa kufidia, mchezo huingia kwenye hali ngumu zaidi, ambayo wachezaji huiita kuvunjika. Tuseme ni mwezi wa sita, na namba mbili haonekani tangu apokee. Namba kumi keshatoa michango mitano. Anajiuliza: niendelee kutoa, au niache nipunguze hasara? Zile 500,000 zimeshaenda na haziwezi kumshauri kitu. Kilichobaki mbele yake ni michango mitano, wa mwezi huu ukiwemo, na mwisho wake, kama wote waliobaki watatoa, ni kupokea 900,000. Kutoa 500,000 upate 900,000 ni jambo la kuendelea nalo bila shaka. Ila asipoamini kwamba wengine watatoa, ni busara aache leo. Namba saba, nane na tisa wanafikiri hivyo hivyo, kila mmoja akimwangalia mwenzake. Na wako watu wanne, namba moja, tatu, nne na tano, ambao wameshapokea na bado wanadaiwa. Mchezo ukivunjika, madeni yao yanakufa nao. Hawatasema hadharani kuwa wanataka uvunjike. Watasema tu, “Mama, mimi siwezi kutoa wakati fulani hatoi, haki iko wapi?” Sentensi hiyo ikitoka kinywani mwa namba kumi, ni kilio. Ikitoka kwa namba tatu, ni hesabu.

Dalili za kuvunjika huwa zipo kwenye kaunta buku kabla ya siku yenyewe. Ukurasa wenye afya una tiki za siku moja. Ukiona nusu nusu, “hamsini leo, hamsini kesho asubuhi”, tazama namba iliyozungushiwa duara pembeni ya jina. Anayechelewa kabla ya kupokea ana shida ya pesa. Anayeanza kuchelewa mwezi ule ule baada ya kupokea anapima kina cha maji. Dalili ya pili ni kijumbe anayempa mpokeaji pesa kwa mafungu, na kueleza kuwa mengine yako njiani. Ya tatu ni mchezo ambao wachezaji hawajuani, kila mtu anamjua kijumbe peke yake. Huko kijumbe anaweza kuandika majina hewa, akapokea yeye kwa jina la mtu asiyekuwepo, au akaendesha michezo mitatu na kuziba pengo la mmoja kwa pesa ya mwingine. Kwa muda tiki zote zitakuwa sawa. Namba za mwisho za mchezo wa mwisho ndizo zitakazogundua.

Wengine hutafuta ahueni kwa kugeuza namba kwenye mzunguko wa pili, wa mwisho awe wa kwanza. Kwa hesabu ni dawa nzuri. Mzunguko mmoja pekee, pengo kati ya namba moja na namba kumi ni shilingi 233,600. Mizunguko miwili iliyogeuzwa, pengo linashuka hadi kama 59,800, robo tu ya lile la kwanza, na aliyekuwa wa mwisho anapokea milioni mbili ndani ya miezi miwili inayofuatana.

Dawa hiyo ina upungufu mmoja, na uko kwa yule aliyekuwa namba moja. Mwezi wa kumi amemaliza deni lake, hadaiwi na mtu, na kinachomsubiri ni miezi tisa ya kuwakopesha wenzake bila riba kabla hajaona milioni yake. Hahitaji kutoroka wala kukwepa. Anaweza kusema kwa adabu tu kwamba mzunguko huu anapumzika kidogo, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu, maana daftari linaonyesha tiki kumi safi. Mahali pake itabidi aingizwe mtu mwingine, kwa kawaida mgeni, na aliyesubiri miezi kumi ili awe wa kwanza atapokea, huku walio nyuma yake wakibeba hatari ya mtu wasiyemjua. Kama kikundi kinataka kugeuza namba, za mizunguko yote miwili inabidi ziandikwe siku ile ya vikaratasi, kila mmoja atie saini mbele ya wenzake kuwa anacheza miezi 20, kabla mtu yeyote hajashika hata shilingi moja. Baada ya namba moja kupokea, mazungumzo hayo yamechelewa.